Kufungwa mara mbili si lazima kufungasha virago

"Timu ikipoteza mechi mbili kati ya tatu za makundi, si imeshatolewa?"

Hapana. AFCON ina timu 24 katika makundi 6. Wawili wa juu wa kila kundi wanafikisha 12 tu, na mtoano unaanzia 16 bora. Nafasi 4 zilizobaki huenda kwa washindi wa tatu walio bora kati ya sita.

Hao hawakukutana uwanjani, kwa hiyo hulinganishwa kwa pointi, kisha tofauti ya mabao, kisha mabao ya kufunga.

Mapema mwaka 2024, wenyeji Ivory Coast walifungwa na Nigeria 1-0, halafu Guinea ya Ikweta ikawatandika 4-0. Walibaki na pointi 3 na tofauti ya -3. Aibu tupu nyumbani. Kati ya washindi wa tatu wengine, Guinea na Namibia walikuwa na 4, Mauritania 3 na tofauti ya -1. Ghana na Zambia waliishia na 2, basi Ivory Coast wakapenya wa nne. Kwenye mtoano pointi za makundi hazihesabiwi tena. Fainali waliifunga Nigeria ileile 2-1.