Unajiandaa kwenda Uarabuni? Usisome Goat Days kama sinema ya kutisha

Mtu akisikia una safari ya Saudia au Qatar atakutumia simulizi za waliopitia huko, unasoma, unaumia, unafunga, safari inaendelea kama ilivyopangwa. Kuna vitu kwenye hizi simulizi tunavipita juu juu kwa sababu tunaingia na dhana zetu, na kwa hili nachukua riwaya moja tu, Aadujeevitham ya Benyamin, iliyotoka kwa Kimalayalam mwaka 2008, kwa Kiingereza ni Goat Days.

"Hiyo ni riwaya, ametunga"

Benyamin ni Mhindi wa Kerala, mwenyewe amefanya kazi Bahrain miaka mingi, na kisa alikitoa kwa mtu halisi aliyechungishwa mbuzi kwenye jangwa la Saudia. Ila ameshasema wazi kwamba ni riwaya, sio wasifu wa huyo mtu, kwa hiyo usilibebe kila tukio kama ushahidi. Angalia ule mtego umetegwaje, huo ndo wa kweli.

"Najeeb aliponzwa na bosi katili"

Najeeb ndo mhusika mkuu wa riwaya, na hapa ndo wengi tunakosea. Ukatili upo kweli, asubuhi ya kwanza kabisa anachota maji ajisafishe baada ya haja anakula kipigo, maji yale ni ya mbuzi. Lakini rudi nyuma kurasa chache. Najeeb ni mchimba mchanga wa mtoni, mke ana mimba, anasikia kuna viza inauzwa, anahangaika na madeni mpaka dhahabu ya mke inaondoka. Anatua Riyadh na kijana mwenzake Hakim, hakuna aliyekuja kuwapokea, wanasubiri weee mpaka wamechoka, anatokea mzee na pikapu mbovu, anazichukua paspoti anaziangalia, wanapanda, na huyo ndo bosi mwenyewe. Kiarabu hawajui, na kwa jinsi walivyochoka kukaa pale yeyote angekuja wangemfuata.

Sasa nenda mwisho. Baada ya miaka zaidi ya mitatu Najeeb katoroka, yuko jela, makafili, yani waajiri wanaomdhamini mtu kwenye viza, wanakuja kutambua wafanyakazi wao waliokimbia. Yule mzee anakuja, anasimama mbele yake, halafu anaondoka bila kumchukua. Baadaye Najeeb anaambiwa kwa nini: hakuwa kwenye viza yake. Yani kwenye karatasi hakuwahi kuwa mtu wake hata siku moja!

Kwa hiyo kabla hujapanda ndege, jina la kafili kwenye viza na jina la mwajiri kwenye mkataba yawe ya mtu yule yule au kampuni ile ile. Yakipishana, simama hapo hapo, usikubali kuambiwa "utabadilishiwa ukifika", maana kule ukikutwa unafanya kazi kwa mtu asiye kafili wako, mkosaji anaweza kuhesabiwa wewe. Agenti muulize nani anakupokea, jina na namba ya simu, viandike kwenye karatasi (simu inaweza kuzima), kopi ya kila kitu muachie mama au dada nyumbani. Ukifika na aliyekuja hawezi kutaja jina lililo kwenye viza yako, paspoti usimpe, baki ndani ya uwanja pigia agenti. Na huyo agenti mhakiki kwanza kwenye taasisi ya serikali ya mambo ya ajira, ukiwa Kenya ni NEA, Tanzania uliza TaESA.

"Hayo ya zamani, sheria zimebadilika"

Zimebadilika kweli, Machi 2021 Saudia ilianza kuruhusu wafanyakazi wa sekta binafsi kuhama kazi na kutoka nchini bila ridhaa ya kafili kwa masharti fulani. Ila wafanyakazi wa ndani, wachungaji, madereva wa majumbani na watunza bustani waliachwa nje ya mabadiliko hayo. Kwa hiyo dada anayeenda kufanya kazi za nyumbani aliachwa upande ule ule wa mchunga mbuzi. Kazi iliyoandikwa kwenye viza yako ndo inaamua, sio ile uliyoahidiwa kwa mdomo.

"Kama hakuna kipigo hakuna cha kusimulia"

Malcolm Bidali, Mkenya aliyekuwa mlinzi Qatar, alikuwa anaandika kwa jina la kificho kuhusu mambo ya kila siku, vyumba vilivyojaa watu, masaa marefu ya kazi. Mei 2021 alikamatwa, akakaa ndani karibu mwezi, akapigwa faini ya riyali 25,000, Agosti akaondoka nchini. Mtu anayeenda kazi ya ulinzi asome yake kuliko ya jangwani, maana kitanda na zamu ndo maisha yake atakayoyakuta. Na ukiwa huko andika kumbukumbu zako, tarehe, masaa uliyofanya, mshahara uliolipwa na ambao haukulipwa, ila usipost, mtumie mtu wako nyumbani akutunzie mpaka utoke.