Moyo Ukianza Kukimbia Ghafla: Jinsi Unavyorudishwa Kwenye Mwendo Wake

Ikiwa daktari ameandika kwenye kadi yako herufi SVT, yaani mbio za ghafla za moyo zinazoanzia juu ya vyumba vyake vya chini, makala haya ni yako. Nitaeleza kwa mfano unaofanana na wengi tunaowapokea kliniki.

Mama wa miaka 34 anauza mitumba Gikomba. Anainama kuinua mzigo, na papo hapo moyo unaanza kupiga mbio. Anahisi mapigo yakigonga hadi shingoni, na kichwa kinakuwa chepesi. Jirani anamwambia ni wasiwasi tu. Lakini mtu mwenye hofu au aliyekimbia, moyo wake hupanda kidogo kidogo na kushuka kidogo kidogo. Huu umeruka mara moja, na ukikoma utakoma mara moja vilevile. Hiyo ndiyo dalili ninayoiulizia kwanza.

Kwa kawaida umeme wa moyo huanzia vyumba vya juu, hupita kwenye kifundo kimoja kilicho katikati, kisha huingia vyumba vya chini. Kwa wagonjwa wengi wa SVT kifundo hicho kina njia mbili, moja ya haraka na nyingine ya polepole. Pigo likija kabla ya wakati wake, linaweza kushuka kwa njia ya polepole na kupanda tena kwa ile ya haraka, halafu likaendelea kuzunguka. Kila mzunguko ni pigo moja, mara nyingi 150 hadi 220 kwa dakika. Ili kukata mzunguko huo inatosha kuziba kifundo kwa muda mfupi sana, na matibabu ya kwanza ya dharura yanalenga hapo.

Njia ya kwanza haihitaji dawa. Mwili una neva iitwayo vagasi, ambayo ikichokozwa hupunguza kasi ya kifundo. Mama wetu anaketi kitandani akiwa ameegemea nyuma, anapewa bomba jipya la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, na anapuliza kwenye ncha yake kwa nguvu inayotosha kusogeza kisukumio kidogo tu. Anashikilia hivyo sekunde 15. Akiachia, mara moja analazwa chali, na mtu mwingine anamwinulia miguu kiasi cha nyuzi 45 kwa sekunde 15 nyingine. Kisha anarudishwa kuketi. Msiruke hatua ya miguu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2015 ulionyesha kuwa kwa njia hii wagonjwa 43 kati ya 100 walirudi kwenye mwendo wa kawaida, huku waliopuliza tu bila kulazwa na kuinuliwa miguu wakiwa 17.

Ukishapimwa na kufundishwa, unaweza kufanya hivi nyumbani. Usibonyeze macho, na usijikande shingo; mkandio wa shingo ni kazi ya daktari baada ya kukagua mishipa yako. Ukijaribu mara mbili bila kufaulu, nenda hospitali. Na kama kifua kinauma, pumzi inakata au umezimia, usipoteze muda kupuliza. Upelekwe hospitali mara moja, na usiendeshe gari wewe mwenyewe.

Kwa mama wetu kupuliza hakukusaidia. Kipimo cha umeme wa moyo kinaonyesha mapigo 188, membamba na yenye mpangilio. Anapewa adenosini miligramu 6. Dawa hii huisha katika damu ndani ya sekunde chache, kwa hiyo husukumwa kwa kasi na kufuatiwa papo hapo na maji ya chumvi mililita 20. Dozi ya kwanza inashindwa. Kanula, yaani mrija wa kupitishia dawa mshipani, ilikuwa ndogo na iliwekwa mgongoni mwa kiganja, na dawa iliisha kabla ya kufika moyoni. Nesi anaweka kanula kubwa kwenye kiwiko, na miligramu 12 zinafanya kazi.

Nataka ujue utakachohisi, kwa sababu asiyeambiwa huogopa mno: uso unapata joto, kifua kinabana, na unahisi kana kwamba unakata roho. Kwenye skrini mstari unaweza kunyooka kwa sekunde chache. Hapo ndipo kifundo kimezibwa. Kisha mapigo yanarudi, 84 kwa huyu mama.

Kabla ya sindano, mwambie daktari kama una pumu. Kwako huenda akachagua verapamili, inayotolewa polepole. Taja pia kahawa au chai kali uliyokunywa karibuni, kwani hupunguza nguvu ya adenosini. Presha ikishuka sana au ukianza kupoteza fahamu, hatusubiri dawa. Tunakupa usingizi na kutumia mshtuko wa umeme.

Omba nakala ya karatasi ya mapigo iliyochapwa shambulio likiendelea, kwa sababu likiisha kipimo mara nyingi huwa safi kabisa. Mashambulio yakikurudia, daktari wa moyo huitumia karatasi hiyo kuamua kama akupitishie waya mwembamba kutoka kwenye kinena hadi moyoni, aiunguze ile njia ya polepole.