Namba ya bidhaa isibebeshwe kila kitu: kupanga kumbukumbu za stoo kwenye ERP

Tuchukue kipuri kimoja tu, beringi ya gololi namba 6205 yenye sili za mpira pande zote mbili, kwa kifupi 2RS. Ipo kwenye mota, pampu na feni za viwanda vingi. Katika stoo ya kiwanda cha kukoboa mpunga, tuseme, beringi hiyo inaonekana imeandikishwa mara nne kwenye mfumo wa ERP, yaani programu inayounganisha stoo, ununuzi na hesabu za kiwanda, na watu wanne tofauti, kwa miaka tofauti:

```
BER-00112   BERINGI 6205 2RS         salio 0
BER-00377   Bering 6205DDU           salio 7
BER-00518   6205-2RS1 SKF            salio 9
BER-00640   BERINGI YA PAMPU KUBWA   salio 3
```

Rekodi ya kwanza ndiyo iliyowekewa kiwango cha chini cha 4 na cha juu cha 10. Kwa kuwa salio lake ni sifuri, kila usiku mfumo unapendekeza zinunuliwe beringi 10, na ofisi ya ununuzi inaagiza kama inavyopaswa. Mtunza stoo hajaiba wala hajalala kazini, na hesabu za mfumo ziko sahihi kwa kila mstari. Kilichoharibika ni kwamba kitu kimoja kimegawanywa katika majina ambayo hayakutani. Kisanduku cha kutafutia kinalinganisha herufi na tarakimu zilivyoandikwa. Anayeandika "6205-2RS" kwenye mfumo wa kawaida hataipata "6205 2RS", kwa sababu ya nafasi na kistari tu, na hataipata kabisa ile ya pampu kubwa.

Wengi wakiona hali hii hukimbilia kutengeneza msimbo mrefu unaoeleza kila kitu, kwa mfano BER-6205-2RS-SKF-R03-PAMPU. Unavutia macho, na kwa miezi ya mwanzo unafanya kazi. Kisha rafu ya 03 inahamishwa, msambazaji analeta beringi za chapa ya NSK badala ya SKF, na pampu yenyewe inauzwa. Msimbo umeshachapishwa kwenye lebo, umeshaandikwa kwenye hati za kupokea mali, umeshatumwa kwa wauzaji. Hata kwenye mifumo inayoruhusu kuubadilisha, karatasi za nyuma hazibadiliki. Unabaki na msimbo unaosema uongo, na msomaji mgeni atauamini.

Ushauri wetu kwa taasisi na viwanda ni kutenganisha kazi. Namba ya bidhaa itambulishe tu, na isieleze. Maelezo yakae kwenye jina na kwenye sehemu zake maalumu: kundi, chapa, namba ya mtengenezaji, kipimo, mahali kilipo. Herufi tatu za kundi mwanzoni mwa namba zinafaa kwa ajili ya macho ya binadamu, kisha namba ya mfululizo ya tarakimu tano ambayo mfumo wenyewe unaitoa. Tarakimu tano zinatosha bidhaa 99,999 kwa kila kundi. Makundi yawe machache na mapana, kwa sababu kila kundi jembamba linazaa mabishano. UCP205, yaani beringi iliyokaa ndani ya kibanda chake cha chuma kwa shafti ya mm 25, iwekwe kwenye beringi au kwenye vishikilio? Chagua, andika uamuzi, endelea. Ukigundua baadaye kwamba ulikosea, rekebisha sehemu ya kundi kwenye rekodi na uiache namba ilivyo.

Zile herufi za mwanzo zina faida nyingine isiyoonekana mara moja. Orodha za bidhaa hutoka kwenye ERP kwenda Excel na kurudi, na huko ndiko namba nyingi zinakoharibikia. Namba tupu kama 00417 hupoteza sifuri zake na kuwa 417. Namba yenye tarakimu zaidi ya 15 hugeuzwa sifuri kuanzia ya 16. Msimbo 12E04 husomwa kama hesabu ya kisayansi na kuonekana 1.20E+05, na MAR-05 hugeuka kuwa tarehe ya mwezi Machi. Si jambo dogo: mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilibadilisha majina kadhaa, MARCH1 likawa MARCHF1, kwa sababu Excel ilikuwa inayageuza kuwa tarehe kwenye data za watafiti. Basi kundi lisiitwe MAR, SEP wala DEC, herufi O na I ziepukwe pale zinapoweza kudhaniwa sifuri na moja, na kila unapofungua orodha kwenye Excel safu ya namba iwekwe kama maandishi kabla ya kuingiza data.

Sasa jina, ambalo ndilo linalotafutwa kila siku. Liwe na mpangilio mmoja usiobadilika: kwanza kitu chenyewe, kwa umoja, kisha sifa zake kuanzia ile inayotofautisha zaidi. Kwa beringi yetu:

```
BERINGI 6205-2RS 25X52X15
```

Tarakimu hizo si za kubuni. Katika namba za beringi, 6 ya mwanzo inaonyesha aina, yaani gololi za safu moja zenye mfereji wa kina, 2 ni mfululizo wa vipimo, na 05 ukizidisha kwa 5 unapata kipenyo cha ndani, mm 25. Kipenyo cha nje ni mm 52 na upana mm 15. Kuweka vipimo kwenye jina kunamsaidia fundi aliyekuja na beringi iliyochakaa hadi maandishi yamefutika: anaipima kwa kalipa na kutafuta 25X52X15. Herufi zote ziwe kubwa, vipimo viunganishwe kwa X bila nafasi, kipimo kiwe milimita daima. Pia hesabu urefu. Kwenye mfumo wa ERP wa SAP, kwa mfano, maelezo mafupi ya bidhaa yana nafasi 40 tu, na kinachozidi hakiingii. Jina letu lina 25.

Chapa haipo kwenye jina, na hapa ndipo watu hutushangaa. Sili za mpira pande mbili, SKF huziandika 2RS1 au 2RSH, NSK huandika DDU, NTN huandika LLU. Ukiiweka chapa kwenye jina, kila msambazaji mpya anazaa rekodi mpya. Ziwekwe zote kwenye sehemu ya namba za watengenezaji, chini ya bidhaa moja, ili anayetafuta 6205DDU afikishwe kwenye BER-00112. Kipimo tunachotumia ni kumuuliza fundi: ukipewa hii badala ya ile, utaifunga bila kuuliza swali? Akisema ndiyo, ni bidhaa moja. Akisita, ni mbili.

Swali hilo linahitaji kuulizwa kwa makini, maana kuna herufi ndogo zinazobadilisha kitu. ZZ kwa NSK na NTN, au 2Z kwa SKF, ni vifuniko vya chuma visivyogusa pete ya ndani, si sili za mpira. Penye maji na vumbi la pumba haviwezi kuchukua nafasi ya 2RS. C3 mwishoni inamaanisha uwazi wa ndani ni mkubwa kuliko wa kawaida, na hutumika sana kwenye mota za umeme ambako pete hupanuka kwa joto. Ukifunga beringi ya uwazi wa kawaida mahali palipohitaji C3, inaweza kubana, kuchemka na kufa mapema. Kwa hiyo sili na uwazi ni sehemu ya jina, chapa siyo.

Turudi kwenye mistari yetu minne. Kwanza ilibidi ijulikane kwamba inafanana. Orodha nzima inatolewa kwenye Excel, na kando ya jina, tuseme lililo safu ya B, inaandikwa fomula inayoondoa nafasi, vistari na mikwaju:

```
=UPPER(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(B2," ",""),"-",""),"/",""))
```

Ukipanga kwa safu hiyo mpya, majina yaliyotofautiana kwa uandishi tu yanakaa jirani. Fomula ina mpaka wake. Haijui kwamba DDU na 2RS1 ni ndugu, wala haioni chochote ndani ya "BERINGI YA PAMPU KUBWA". Kwa hizo hakuna njia ya mkato: unakwenda kwenye rafu, unafungua boksi, unasoma maandishi kwenye chuma.

Rafuni, BER-00377 zote 7 ziliandikwa 6205DDU, na BER-00518 zote 9 ni 6205-2RS1. Hizo zinaunganishwa na BER-00112. Lakini zile 3 za pampu kubwa ziliandikwa 6205LLUC3. Mtu aliyeunganisha kwa kukaa ofisini angezichanganya. Zinabaki rekodi ya peke yake, ila jina linarekebishwa:

```
BER-00112   BERINGI 6205-2RS 25X52X15      salio 16
BER-00640   BERINGI 6205-2RS C3 25X52X15   salio 3
```

Neno "pampu kubwa" halitupwi. Linahamia kwenye orodha ya vipuri vya pampu ile, ambako mtu wa matengenezo atalikuta.

Kuunganisha si kufuta. Rekodi ya zamani ina historia ya manunuzi na gharama ambayo mkaguzi ataitaka. Kwanza malizeni au hamisheni maagizo ya ununuzi yaliyo wazi kwenye rekodi ya zamani, kisha salio lihamishwe kwa hati ya marekebisho ya stoo yenye bei zake, kisha rekodi izimwe. Kwenye ERPNext ni alama ya Disabled. Kwenye Odoo ni Archive. Kabla ya kuizima, mwishoni mwa jina ongezeni "TUMIA BER-00112", ili atakayekutana nayo kwenye karatasi ya zamani ajue pa kwenda.

Kitu kimoja kikaguliwe kabla ya salio kuhama: kipimo cha kuhesabia. Kwa beringi si tatizo sana, zinahesabiwa moja moja. Kwa bolti ni hatari. BOLTI M12X50 inaweza kuwa imeandikishwa kwa kilo kwenye rekodi moja na kwa idadi kwenye nyingine, na ukijumlisha 20 na 300 unapata 320 isiyo na maana yoyote. Mifumo mingi hairuhusu kubadilisha kipimo cha msingi baada ya miamala kuanza, kwa hiyo chagueni rekodi yenye kipimo sahihi ndiyo iwe ya kubaki, hata kama namba yake ni ngeni zaidi, na zile za kilo zihesabiwe kwa mkono kwanza.

Baada ya hapo, ruhusa ya kufungua bidhaa mpya ibaki kwa mtu mmoja au wawili. Anayeomba aonyeshe kwamba ametafuta kwa njia tatu: kwa namba ya mtengenezaji, kwa vipimo, na kwa neno kuu la jina. Ombi lisilo na picha ya maandishi yaliyo kwenye kipuri chenyewe lirudishwe. Kila mwisho wa mwezi, fomula ile ipitishwe kwenye rekodi mpya pamoja na za zamani. Nakala iliyofunguliwa wiki tatu zilizopita huwa na miamala miwili au mitatu, na kuiunganisha ni kazi ya asubuhi moja. Iliyokaa miaka mitano ina maagizo, bei na hesabu za mwisho wa mwaka zilizofungwa juu yake.