Kuanza tena kwa pakiti moja ya unga: mahamri na mbaazi kwa aliyewahi kuunguza mtaji

Anayenijia akiwa amefunga duka, amepoteza akiba na bado ana watu wanaomdai, huwa hana haja ya kuhamasishwa. Anataka kujua jambo moja: safari hii nikianguka, nitaanguka kutoka urefu gani? Ndiyo maana biashara ninayompendekezea kwanza ni ile ambayo shilingi iliyotoka jioni imesharudi kabla ya saa nne asubuhi. Duka la nguo halifanyi hivyo, kwa sababu pesa hulala kwenye hanga miezi. Kibanda cha vifaa vya simu nacho ni vivyo hivyo. Hapa Mombasa, mahamri na mbaazi hurudisha pesa siku hiyo hiyo, na kila mtaa kuanzia Likoni hadi Mtopanga una watu wanaovinunua kila asubuhi.

Tumchukue mtu wa Bombolulu aliyebaki na shilingi 15,000. Nashauri atoe 6,000 tu, na zile 9,000 aziweke mahali ambapo si rahisi kuzifikia. Katika hizo 6,000, kama 2,500 ni za vitu vya kudumu: mzani mdogo wa jikoni, beseni lenye kifuniko, na gharama ya cheti cha afya cha wanaoshika chakula, ambacho hufanyiwa upya kila miezi sita. Jiko, karai na sufuria atumie vya nyumbani. Shilingi 500 ni za mafuta ya kujazia karai. Zinabaki 3,000 za mzunguko, na hizo zikae kwenye kopo lake peke yake.

Kabla ya kununua hata kijiko, aandike kwenye karatasi kiwango cha kusimama. Kwa mfano huu ni 2,000: jioni yoyote kopo likihesabiwa likawa chini ya hapo, jaribio limekwisha, hata kama anahisi kesho itakuwa nzuri. Kiwango hiki kiandikwe mapema kwa sababu biashara nyingi haziuawi na hasara ya kwanza. Zinauawa na pesa inayoongezwa juu ya hasara ile ili kuiokoa.

Sasa hesabu yenyewe. Bei nitakazotumia ni za mfano, kwa hiyo pita soko la Kongowea uweke za leo. Mahamri ya pakiti moja ya unga wa kilo 2 yanahitaji nazi mbili, sukari gramu 300, hamira na iliki. Tuseme unga ni 180, nazi 120, sukari 50, hamira na iliki 45, mafuta yanayonywewa 90 na makaa 60. Jumla ni 545. Unga, sukari na tui vikishakandwa hutoa donge la kilo 3.4 hivi. Ukilikata madonge 17 ya gramu 200 na kila donge likatoka mahamri manne, una mahamri 68. Kwa shilingi 10 kila moja, ni 680.

Faida ni 135. Mahamri 14 yakibaki, faida yote imekwenda. Hapa ndipo wengi huumia bila kujua, maana karai limejaa, wateja wamekuja, na bado mfukoni hamna kitu. Mzani ndio unaookoa. Donge likizidi gramu 20 tu, mahamri yanashuka hadi karibu 62, na umegawa bure vipande sita bila mteja kugundua wala kushukuru. Jicho halioni gramu 20, hasa saa kumi alfajiri.

Kinachoibeba biashara hii ni mbaazi. Kilo moja ya mbaazi kavu, nazi mbili, kitunguu, pilipili, manjano, chumvi na makaa hugharimu kama 400 kwa bei hizo za mfano. Zikishaiva na kuwekwa rojo la tui hufika kilo 3 hivi, yaani sahani 20 za gramu 150. Kwa 30 kila sahani ni 600, faida 200. Toa 35 za karatasi za kufungia, kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na wa mbaazi waambie waje na chombo chao. Asubuhi moja iliyouzika yote hubakisha 300 juu ya matumizi ya 980. Maana yake zile 3,000 za kopo zingetosha asubuhi tatu hata kama hakuna aliyenunua kitu, ila kiwango cha kusimama cha 2,000 kitakusimamisha baada ya ya pili.

Mbaazi zirowekwe tangu mchana, maji yamwagwe, zichemshwe bila chumvi mpaka ziminyike kwa vidole. Zisiporowekwa vizuri zitakula makaa ya mara mbili, na hapo ule mwanya wa faida umefungwa. Tia tui jepesi kwanza. Tui zito liingie mwisho, moto mdogo, huku unakoroga, kwani likichemka kwa nguvu hukatika likawa mafuta juu na maji chini. Mbaazi zilizobaki usizipashe kesho yake kwa ajili ya mteja. Katika joto letu hili chakula chenye tui huchacha upesi, na mteja mmoja akiumwa tumbo mtaa mzima utajua kabla ya adhuhuri.

Upande wa mahamri, kosa linalogharimu zaidi ni kukanda saa mbili usiku kwa hamira ileile ambayo mtu angetumia kwa unga wa kuumuka kwa muda wa saa moja tu. Wakati wa kaskazi, usiku wa Mombasa hauna baridi ya kuzuia hamira. Ikifika alfajiri unga umeumuka ukapitiliza: ukiuchoma kidole unanywea badala ya kurudi, na unanukia kama pombe. Ukiukaanga hautuni, na unakunywa mafuta kama sifongo. Kwa unga utakaolala, kijiko kimoja cha chai cha hamira kinatosha kilo 2, na tui lichemshwe lipoe hadi uvuguvugu kabla ya kukandia. Sukuma unene wa nusu sentimita, kata, acha vipande vipumzike dakika kumi. Mafuta yawe tayari: kipande kidogo cha unga kikitumbukizwa kiibuke papo hapo na mapovu. Kikizama kwanza, subiri. Mwagia mafuta ya moto juu ya hamri kwa kijiko hadi litune, ndipo uligeuze.

Pima mafuta kwenye chupa kabla na baada. Yakipungua zaidi ya mililita 300 kwa pakiti moja, ama moto ni mdogo ama unga umepitiliza. Kipimo hiki kinakuambia tatizo siku hiyo hiyo, wakati daftari la mwezi lingekuambia ukiwa umeshamaliza mtaji.

Jaribio liwe asubuhi 12, Jumatatu hadi Jumamosi kwa wiki mbili, pakiti moja tu kila siku. Usiulize majirani kama watanunua. Watasema "inshallah, niwekee", na wanasema kwa wema. Chukua oda jioni na pesa papo hapo: lipa leo, chukua kesho. Aliyelipa ndiye mteja. Waliolipa wakiwa wachache, sema wamefika mahamri 25, pika nusu pakiti usiku huo. Uliza pia ofisi ya kaunti ya eneo lako ni leseni gani unayohitaji hata kwa kuuza mlangoni, kwa sababu karai likichukuliwa na askari wa kaunti jaribio lote limeharibika kwa sababu isiyohusiana na mahamri.

Daftari liwe na safu nne: yaliyopikwa, yaliyouzwa, yaliyobaki, yaliyoliwa nyumbani. Hiyo ya nne ndiyo watu huiruka. Watoto wanne wakila mahamri mawili mawili kila asubuhi ni shilingi 80, zaidi ya robo ya faida nzima. Sisemi wasile. Nasema yalipiwe kutoka pesa ya nyumbani, shilingi iingie kopo kama ya mteja mwingine. Na safu ya deni haipo kabisa. Atakayekuja kusema "niandikie, Mama Fatuma", ajibiwe kwa upole kwamba wiki hizi mbili hakuna daftari la mkopo. Ukimwandikia mmoja, hutaweza kumkatalia shemeji.

Sasa madeni ya zamani, ambayo ndiyo yanayomnyima mtu usingizi. Aliyekuwa akikopeshwa mali akashindwa kulipa, amwendee mdai kabla mdai hajamwona na karai. Amwambie tarehe ambayo ataanza kulipa na kiasi kidogo cha kila wiki, baada ya zile asubuhi 12. Kopo lisiguswe kabla ya hapo. Kama una Fuliza ambayo haijalipwa, usipokee mauzo kwenye namba hiyo, kwa maana kila shilingi inayoingia M-Pesa huenda kwanza kufidia ule mkopo, na alfajiri utajikuta huna ya unga ilhali jana uliuza vizuri. Pokea taslimu, au maliza Fuliza kwanza kwa pesa nyingine, kisha fungua Pochi la Biashara ili mauzo yasichanganyike na matumizi.

Baada ya asubuhi ya 12, soma wiki ya pili peke yake; ya kwanza ina wateja wa huruma na wa udadisi. Ukiwa na mabaki yasiyozidi mahamri matano kwa siku, na kopo limepita 4,000, ongeza nusu pakiti. Usirukie pakiti mbili. Kwa faida ya 300 kazi hii haiwezi kulisha nyumba, na mtu asidanganywe. Ila makaa hayaongezeki maradufu unga unapoongezeka, kwa hiyo kila nusu pakiti inayouzika huacha faida bora kidogo kuliko iliyotangulia. Kibanda cha kukodi kwa 3,000 kwa mwezi, ukigawa kwa siku 26 za kazi, ni 115 kila siku. Kwenye 300 ni zaidi ya theluthi. Kisubiri mpaka uwe umebakisha 600 kwa siku kwa mwezi mzima.

Na angalia kalenda. Ramadhani wateja wa asubuhi hupungua sana, na mauzo huhamia magharibi kwenye futari, ambako mtu hununua mengi kwa mara moja. Asubuhi 12 zilizofanywa mwezi huo zitakuonyesha hasara isiyo ya kweli, na jioni 12 zitakuonyesha faida itakayotoweka baada ya Idi. Shule zikifungwa nako oda za watoto hukatika. Chagua wiki mbili za kawaida, shule zikiwa wazi, ndipo namba utakazoandika ziwe za kuamulia.