Pesa imekatwa, tiketi haijaja: siti ilikuwa wapi?

Kwenye ukurasa wa kuuzia tiketi, siti huwa katika moja ya hali tatu: iko wazi, imeshikiliwa, au imeuzwa. Vurugu nyingi huzuka kwenye hiyo ya katikati.

Tuchukue tamasha lenye viti 60 vya VIP, mauzo yakifunguliwa saa 4:00 asubuhi. Ukichagua viti viwili, mfumo unakushikilia kwa muda fulani, tuseme dakika 10, na wengine wanaona vimebaki 58 ingawa hujalipa hata shilingi. Ndiyo maana "Zimekwisha" ya saa 4:05 si lazima iwe ya kweli. Rudi saa 4:10 na dakika chache baadaye. Za wale walioishia njiani hurudi sokoni.

Sasa wewe uliyechagua viti saa 4:00 unabonyeza "Lipa" saa 4:08. Ombi linakuja kwenye simu, unaweka namba ya siri, meseji ya muamala inaingia saa 4:09. Lakini muuzaji haoni meseji yako. Anasubiri taarifa yake mwenyewe kutoka mtandao wa simu, na siku ya msongamano inaweza kufika saa 4:12, viti vikiwa vimeshaachiliwa na mwingine amevichukua. Mfumo uliotengenezwa vizuri huongeza muda wa kushikilia mara ombi la malipo linapotumwa. Uliolipuliwa huacha hela yako ikining'inia. Ukiona meseji ya malipo unayo na ukurasa unasema muda umeisha, usilipe tena, utakuwa na malipo mawili ya kufuatilia. Mtumie muuzaji namba ya oda, namba ya muamala na namba ya simu iliyolipa.

Malipo yakithibitishwa, msimbo wa kuingilia hutumwa kwa barua pepe. Usipouona, angalia kwanza folda ya barua taka, kisha anwani uliyoandika: "gmail.con" badala ya "gmail.com" inatosha kuupoteza, na taarifa ya kugonga mwamba humrudia muuzaji, si wewe.

Ile picha ya QR mara nyingi hubeba namba ndefu tu isiyobahatishika. Mlangoni kifaa huitafuta kwenye orodha na kuiwekea alama "imetumika". Hakijui nani alinunua; picha ya skrini ni sawa na ya asili, na anayetangulia ndiye anayeingia. Ukiiweka status ili kuringishia marafiki, umewagawia wote ufunguo. Na intaneti ikikatika, milango miwili isiyowasiliana inaweza kupitisha msimbo mmoja mara mbili.

Kwa hiyo tiketi unayouziwa na mtu aliyeinunua kabla yako haithibitishiki kwa kuitazama, hata iking'aa vipi. Mwambie anayekuuzia atumie sehemu ya kuhamisha tiketi, kama ukurasa unayo: msimbo wa zamani unafutwa, mpya unakuja kwenye barua pepe yako, na hapo ndipo umpe hela.