Pampu ya tangi la nyumbani: ya juu au ya kuzama, na jinsi ya kuizuia isizunguke kavu

Chukua nyumba ya ghorofa mbili ya Mkomani, Lamu. Kiwandani, yaani uani, mna tangi la chini ya ardhi, na juu ya paa kuna tangi la lita 1,000. Maji yakipungua kabisa chini, kutoka hapo hadi mdomo wa tangi la juu ni mita 14. Ongeza mita 3 za msuguano wa mabomba na viwiko, unapata 17. Hiyo ndiyo hesabu ya kwenda nayo dukani.

Kwenye kibao cha pampu ndogo ya nusu hospawa utakuta, kwa mfano, H max 35 m na Q max 35 l/min. Wengi husoma namba hizi kana kwamba zinapatikana kwa pamoja. Sivyo: kwenye mita 35 pampu haitoi hata tone, na zile lita 35 hutoka pale tu isipopandisha maji popote. Kwa mita 17 tarajia takriban nusu, lita 17 kwa dakika, yaani tangi letu litajaa kwa saa moja hivi. Yatosha.

Pampu ya juu, yaani ile inayokaa nje ya maji, huvuta kwa msaada wa mgandamizo wa hewa, nao una kikomo. Usiitegemee maji yakiwa zaidi ya mita 7 chini yake, hata iwe na nguvu kiasi gani. Tangi la kiwandani na visima vingi vifupi vya Lamu viko ndani ya kikomo hicho. Kisima kirefu zaidi, au shimo lililochimbwa kwa mashine, kinataka pampu ya kuzama, kwa sababu hiyo husukuma badala ya kuvuta. Angalia tu usiuziwe ile ya kutolea maji machafu: hutoa maji mengi sana, lakini H max yake mara nyingi haifiki hata mita 10. Kwa nyumba yetu itanguruma mchana kutwa na paa libaki kavu. Na pampu ya kuzama huteremshwa kwa kamba, kamwe si kwa waya wake wa stima.

Tuliyo nayo basi ni ya juu, na hiyo haiwezi kuvuta hewa, kwa hiyo lazima ijazwe maji kwanza. Chini ya bomba la kuvuta funga futi valvu yenye chujio, iliyoinuliwa kama sentimita 20 kutoka sakafu ya tangi ili isinyonye mchanga. Bomba lipande moja kwa moja kuelekea pampu. Likiwa na nundu, hewa hujikusanya hapo. Zima stima, fungua kizibo cha juu ya pampu, mimina maji taratibu mpaka yafurike bila mapovu, kisha rudisha kizibo kwa tepu nyeupe ya mafundi bomba. Fungua valvu ya kupandishia, ndipo uwashe.

Pima unachomimina. Bomba la inchi moja hubeba karibu nusu lita kwa kila mita. Letu lina mita 5, kwa hiyo pamoja na tumbo la pampu halizidi lita 4. Ukimwaga ndoo ya lita 10 na bado halijai, maji yanarudi tangini: futi valvu ina uchafu au mpira wake umekwisha. Likijaa, lakini kesho yake ukalikuta tupu, kuna kuvuja kidogo, ama kwenye valvu hiyo ama kwenye maungio ya bomba la kuvuta. Kiungo kinachoingiza hewa huenda kisidondoshe hata tone, ndiyo maana hakionekani.

Maji ndiyo yanayopoza na kulainisha sili ya shafti. Tangi la chini likikauka huku pampu inazunguka, sili huungua upesi. Dalili yake ni maji yanayotiririka kati ya pampu na mota, na yakiachwa hufika kwenye beringi.

Kinga yake ni swichi mbili za boya. Ya tangi la chini ikate stima boya linapoteremka, maji yakiwa bado sentimita 20 juu ya futi valvu. Ya tangi la juu ikate linapoinuka. Fundi aziunge kwa mfululizo, ili moja ikikata, pampu isimame. Swichi hizi huwa na nyaya tatu, na kosa la kawaida ni kuunga ule wa kinyume: pampu huwaka tangi la chini likiwa tupu. Kabla ya kufunika, inua na ushushe boya kwa mkono ukisikiliza mota.

Kwenye kisima chembamba boya hunasa ukutani. Tumia kidhibiti cha vijiti vya kupima maji. Na kisima kilicho karibu na bahari kivutwe kidogo kidogo, kwani maji matamu huelea juu ya ya chumvi. Ukivuta kwa nguvu, ya chumvi hupanda, na hapo boya halitakuonya: kisima bado kina maji.