Imeili ya duka, ya habari na ya benki: usijibunie majina mpaka ukajipoteza

Kazi yangu kubwa ni kuwafungulia watu akaunti zilizogoma, na juzi kaja dada mmoja kajifungia nje ya duka la mtandaoni, kila akiomba kubadili paswedi haingii kitu. Anatumia Gmail, na mtu alishamwonyesha kwamba ukiweka alama ya kujumlisha na neno lolote kabla ya @ ujumbe unaingia boksi lako lile lile. Ni kweli kabisa. Ila yeye kila akijisajili alikuwa anabuni neno jipya, mara viatu, mara ofa, mara mwaka, na kwa duka +viatu na +viatu2 ni watu wawili tofauti. Tulitafuta risiti yake ya zamani tukaangalia ilitumwa kwa anwani gani, kumbe +viatu24, basi ikafunguka.

Mimi nina mbili tu za namna hiyo:

```
jinalako+duka@gmail.com
jinalako+habari@gmail.com
```

Neno linataja matumizi, sio jina la duka, ndo maana sijiulizi niliandika nini. Ya habari nimeiwekea filta, kila kinachokuja kwa anwani hiyo kinaruka inbox kinakaa kwenye lebo yake, nakisoma Jumapili nikiwa na chai. Kuna fomu zinakataa ile alama, nyingine zinaipokea halafu zinaigeuza kuwa nafasi tupu na ujumbe haufiki, kwa hiyo subiri ujumbe wa kuthibitisha kabla hujalipa chochote.

Benki sasa, hapo jamani msiweke +benki. Mtu akipata +duka yako anafuta hilo neno anabaki na anwani yako halisi, na +benki ataotea bila hata kufikiri. Halafu kaunta ya benki mhudumu anaandika kwa mkono, we unamwambia "jumlisha" yeye anaandika herufi zote za jumlisha (nimeliona hili kwa macho yangu). Fungua akaunti nyingine kabisa, ya herufi za kawaida unazoweza kuzitaja kwenye simu bila kurudia, isiwe na neno benki wala mwaka wa kuzaliwa, weka uthibitisho wa hatua mbili na uiweke kwenye simu yako uwe unaifungua, maana Google wanaweza kufuta akaunti ikikaa miaka 2 haijaguswa.

Mwezi uliopita nikapata ujumbe eti akaunti yangu ya benki imesimamishwa, bonyeza hapa, nembo na kila kitu safi. Nikaangalia umetumwa wapi: +duka. Benki yangu haijawahi kupewa anwani hiyo, nikaufuta. Duka gani limevujisha siwezi kujua, yako zaidi ya kumi yana anwani hiyo hiyo, na hasara hiyo nimeikubali mwenyewe.